Kobe Aliyeogopa Giza: namna ya kutunga na kusimulia hadithi ya kulala kwa mtoto wa miaka minne

Binti yangu alipofika miaka minne alianza kuogopa giza. Kabla ya hapo alikuwa analala bila neno. Ghafla ikawa kila nikishika swichi ya taa anakaa kitako ndani ya chandarua na kuuliza, "Mama, unakwenda wapi?" Tulikuwa tunaishi Tanga, nyumba ya bati, mwembe mkubwa nyuma ya jiko, na umeme uliokuwa ukikatika usiku bila kuaga. Nikaamua kumtungia hadithi ya kobe anayeogopa giza. Nilikosea mara mbili kabla haijakaa sawa, na makosa hayo ndiyo yaliyonifundisha haya ninayoyaandika hapa. Utapata hadithi nzima unayoweza kuisimulia leo usiku, ila kwanza nieleze imejengwaje, ili uweze kuibadilisha ikae kwenye nyumba yako na kwa mtoto wako.

Anza na kobe mwenyewe

Wengi tukisikia kobe tunakumbuka yule wa ngano, mwerevu, anayemshinda sungura mbio kwa hila. Kwa hadithi hii mweke pembeni. Anayehitajika ni kobe wa kweli, yule anayepita shambani baada ya mvua, kwa sababu mwili wake una mambo mawili ambayo hakuna mnyama mwingine atakupa.

La kwanza ni giza analolibeba mwenyewe. Kobe akishtuka huingiza kichwa na miguu ndani ya gamba, na humo ndani ni giza kuliko nje. Kobe anayeogopa giza hukimbilia gizani kila anapoogopa, na humo ndimo anamojisikia salama. Hiki ndicho kiini cha hadithi nzima. Humwambii mtoto kwamba giza si kitu. Unamwonyesha kwamba lipo giza moja ambalo kobe tayari analipenda, nalo halina tofauti na lile la nje.

La pili ni pumzi. Umewahi kumgusa kobe akajirudisha ndani? Husikika sauti ndefu, kama hewa inayotoka kwenye tairi la baiskeli. Watu hudhani amekasirika. Ukweli ni kwamba gamba halitanuki. Kichwa na miguu vikiingia, mapafu hubanwa na hewa inasukumwa nje. Sauti hiyo nimeiandika *fyuuuuu*, na ndiyo kiitikio cha hadithi. Mtoto akiitoa pamoja na kobe, anashusha pumzi ndefu bila kuamrishwa "tulia" wala "pumua". Mwambie mtoto wa miaka minne apumue taratibu, ataanza kupumua haraka. Mwambie afanye kama kobe, atafanya.

Jambo moja usilifanye: usimtoe kobe kwenye gamba lake. Katuni hufanya hivyo, anavua gamba kama koti. Mtoto atauliza kwa nini, na hadithi itavunjika, kwa kuwa gamba limeungana na mbavu na uti wa mgongo wake, havui kamwe. Hilo lenyewe linasaidia: nyumba yake haimwachi.

Makosa yangu mawili

Hadithi yangu ya kwanza ilikuwa na chui. Kobe anatembea usiku, chui anatokea, kobe anaingia ndani ya gamba, chui anashindwa kumla, anaondoka. Nilidhani inafundisha ushujaa. Binti yangu alisikiliza macho yakiwa makubwa, hadithi ikaisha, akauliza, "Na chui ameenda wapi?" Sikuwa na jibu. Usiku ule hakulala mpaka karibu saa tano. Nilikuwa nimemtafutia mnyama wa kukaa gizani, ambaye hakuwepo kabla.

Mtoto wa umri huu bado anachanganya kilichomo kwenye hadithi na kilichomo chumbani. Chochote ukikitaja kikabaki hai mwisho wa hadithi, kinabaki chini ya kitanda. Kwa hiyo usitie zimwi, jini, mwizi, nyoka wala mnyama mla nyama, hata kama anashindwa. Bundi pia muache. Kwetu watu wazima wakimsikia bundi nyuso zinabadilika, wanasema uchuro, na mtoto amekwisha kuliona hilo hata kama hajui maana yake.

Hadithi ya pili ilikuwa na taa. Kobe anaogopa, kimulimuli anakuja, anamwangazia, kobe analala. Nzuri kusikiliza. Ila mwisho binti yangu akasema, "Na mimi nataka taa." Alikuwa sahihi, maana hadithi ilikuwa imemwambia kwamba dawa ya giza ni mwanga. Umeme ulipokatika wiki hiyo tulirudi pale pale tulipoanza. Tangu hapo najua kwamba msaada wa kobe lazima utoke kwenye kitu ambacho mtoto anakuwa nacho hata usiku wa kiza totoro: pumzi yake, shuka lake, na sauti ya mtu aliye karibu.

Kusanya sauti za nyumbani kwenu

Kabla ya kutunga, keti kwenye kitanda cha mtoto saa mbili usiku, zima taa, nyamaza dakika kumi. Andika kila unachosikia. Mimi nilifanya hivyo na nilishangaa, kwa sababu niligundua kwamba mtoto haogopi giza tupu. Anaogopa sauti ambazo mchana zina mwenyewe na usiku hazina.

Kwetu niliandika hizi: bati likisema *ta… ta…*, embe likidondoka, chura kwenye karai la maji, mbwa wa jirani, pikipiki mbali, na jenereta la duka la kona. Hilo bati ndilo lilikuwa limemtesa binti yangu muda wote. Alidhani kuna mtu anatembea juu. Bati hupata moto mchana likatanuka, na jua likizama linapoa na kunywea, ndipo linalia kwenye misumari. Sauti huwa nyingi saa za mwanzo wa usiku, yaani wakati ule ule tunaolaza watoto.

Chagua sauti tatu, zisizidi. Zipange kutoka ile yenye kishindo hadi ile laini, ili hadithi yenyewe izidi kutulia. Ya nne, ya mwisho kabisa, itakuwa pumzi ya kobe. Kama unakaa ghorofani, Nairobi au Dar es Salaam, huna mwembe wala chura. Chukua mlango wa jirani unaofungwa, maji yanayoshuka kwenye bomba ukutani, friji inayonguruma. Kobe anaweza kuishi kwenye veranda kati ya vyungu vya maua, mtoto hatakuuliza aliingiaje.

Chagua maneno ya kulaza

Hapa Kiswahili kinatupa chombo ambacho wasimulizi wengi hawakitumii kwa makusudi. Tunaposimulia, *-ka-* ndiyo inayokimbiza hadithi: akatoka, akaona, akashtuka, akakimbia. Kila *-ka-* ni hatua mbele, na mtoto anangoja ijayo. Mwanzoni unaihitaji, maana bila hiyo hatasikiliza. Lakini ukimaliza hadithi kwa *-ka-*, masikio yake yanabaki yamesimama. Kwa hiyo theluthi ya mwisho punguza *-ka-*, tumia *-me-*: embe limelala, bati limelala, chura amelala. *-Me-* inaonyesha jambo lililokwisha tulia. Hakuna kinachofuata, hakuna cha kungojea.

Sentensi nazo zifupishe kadiri unavyokwenda. Mwanzoni maneno kumi si neno, mwishoni mawili yanatosha.

Jina la kobe liwe fupi, la herufi laini, lisiwe la mtoto yeyote mnayemfahamu. Mimi nilimwita Bibo, kama lile tunda la mkorosho, kwa sababu binti yangu anayapenda mabibo. Usimpe kobe jina la mtoto wako mwenyewe. Ukimwita kwa jina lake, hadithi inakuwa kesi dhidi yake, na atakwambia, "Mimi siogopi!" Kobe akiwa na jina lake, mtoto anaweza kumhurumia, na huruma hiyo anajipa na yeye kimya kimya.

Urefu wake usizidi sana maneno mia nne. Ukisoma taratibu na kutua, ni dakika tano hivi, labda sita. Ukiwa na pupa utaimaliza kwa tatu, na hapo haitafanya kazi.

Hadithi yenyewe

Isome mara mbili peke yako kabla ya usiku. Palipoandikwa *fyuuuuu*, toa pumzi mpaka iishe.

*Hadithi, hadithi! Hadithi njoo.*

*Chini ya mwembe, nyuma ya nyumba, aliishi kobe mdogo. Jina lake Bibo. Bibo alikuwa na miguu minne mifupi, kichwa kimoja, na gamba gumu mgongoni.*

*Mchana Bibo alikula mchicha, nyam, nyam, nyam. Akaota jua. Akatembea polepole, mguu, na mguu, na mguu, na mguu.*

*Jua likazama. Giza likaja.*

*"Mama," akasema Bibo, "mimi giza silipendi."*

*Mama Kobe akasogea, wakakaa ubavu kwa ubavu. "Nipo hapa," akasema mama.*

*Mara, pu!*

*Bibo akaingiza kichwa ndani ya gamba. Fyuuuuu.*

*Akangoja. Akangoja. Akatoa ncha ya pua.*

*"Nani hapo?"*

*"Ni mimi, embe. Nimeiva. Nimeshuka chini nilale."*

*"Haya, embe. Lala salama."*

*Bibo akatoa kichwa. Akatazama giza. Mara, ta… ta… ta…*

*Bibo akaingiza kichwa ndani ya gamba. Fyuuuuu.*

*Akangoja. Akangoja. Akatoa ncha ya pua.*

*"Nani hapo?"*

*"Ni mimi, bati la banda la kuku. Mchana nilikuwa na moto. Sasa napoa. Nikishapoa, nalala."*

*"Haya, bati. Lala salama."*

*Bibo akatoa kichwa, kidogo tu. Mara, kroo… kroo…*

*Bibo akaingiza kichwa ndani ya gamba. Fyuuuuu.*

*Akangoja. Akangoja. Akatoa ncha ya pua.*

*"Nani hapo?"*

*"Ni mimi, chura. Nawaimbia watoto wangu. Karibu watalala."*

*"Haya, chura. Laleni salama."*

*Sasa kimya.*

*Bibo akasikia sauti moja ndogo. Fyuuuuu. Nani huyo? Fyuuuuu. Alikuwa yeye mwenyewe. Alikuwa anapumua ndani ya gamba lake.*

*Bibo akatazama ndani ya gamba. Mlikuwa na giza. Giza la joto. Giza la nyumbani.*

*Bibo akatazama nje. Kulikuwa na giza. Giza la mwembe. Giza la mama.*

*Ndani giza. Nje giza. Rangi moja.*

*"Mama," akasema Bibo, "bado naogopa kidogo."*

*"Nipo hapa," akasema mama.*

*Embe limelala. Fyuuuuu.*

*Bati limepoa. Limelala. Fyuuuuu.*

*Chura amelala. Na watoto wake wamelala. Fyuuuuu.*

*Mama amelala.*

*Miguu ya Bibo imelala. Mguu. Na mguu. Na mguu. Na mguu.*

*Bibo amelala.*

Angalia mahali pawili. Bibo anasema mwisho "bado naogopa kidogo", na bado analala. Nimeliacha hilo kwa kusudi. Ukimfanya kobe apone kabisa, mtoto ambaye bado anaogopa atajiona ameshindwa kazi ambayo kobe ameiweza. Na mama hamwondolei Bibo hofu yake, hamwambii "usiogope", hafukuzi kitu. Anasema yupo, basi. Ni maneno yale yale utakayoyatumia wewe saa nane za usiku ukiitwa, kwa hiyo yazoee.

Wala hakuna funzo mwishoni. Najua shuleni tumezoea "hadithi hii inatufundisha kwamba". Mafunzo humwamsha mtoto, anaanza kufikiri.

Namna ya kuisimulia

Usiku wa kwanza usianzie na taa. Anzia na mkono, mchana au jioni kabla ya kuoga. Mwambie mtoto akunje ngumi, kidole gumba kikiwa kimechomoza. Hicho ni kichwa cha kobe. Mguse gumba kidogo, aliingize ndani ya ngumi huku akitoa *fyuuuuu*. Kisha alichomoze polepole. Mtacheka, na vizuri mcheke sasa, kuliko kitandani. Usiku, akiwa ameshajua mchezo, mkono ule ule utafanya kazi chini ya shuka, na utaweza kuusikia kwa kiganja chako hata taa ikiwa imezimwa.

Mambo yote ya kuinuka yaishe kwanza: choo, mswaki, maji ya kunywa, chandarua kimechomekwa. Akikatiza hadithi kwa kiu, utaianza upya, na ya pili haina nguvu kama ya kwanza. Lala au keti upande ambao kwa kawaida anautazama akiogopa, mara nyingi ni mlangoni au dirishani. Shuka ndilo gamba lake. Mfunike nalo mpaka mabegani, si zaidi. Usimfundishe kufunika uso kwa kumwigiza kobe, atakosa hewa nzuri na atatoka jasho mpaka aamke.

Kuhusu "Hadithi, hadithi", sisi tumezoea kuipaza ili watoto waitikie kwa kelele. Hapa iseme kwa sauti ya chini, na uitikio wake uwe wa chini vilevile. Akipiga kelele, ngoja, rudia kwa sauti ya chini zaidi. Mara nyingi atashuka mwenyewe kukufuata.

Taa ndiyo sehemu ya kushughulikia taratibu, na hapa usiwe na haraka. Usiku wa kwanza na wa pili simulia taa ikiwa imewaka mwanzo mpaka mwisho. Usiku wa tatu muulize kabla ya kuanza: "Tuzime Bibo anapoona jua limezama, au tuzime baada ya chura?" Machaguo mawili tu, na yote mawili yanaishia taa kuzimwa. Mwache azime mwenyewe, umnyanyue afikie swichi ikibidi, halafu mrudi kitandani. Binti yangu alichagua baada ya chura kwa siku nne mfululizo, kisha siku ya tano akasema, "Leo jua lizame." Tuliliacha dirisha likipitisha mwanga wa nje. Giza totoro si lazima, na mtoto akitaka mlango ubaki wazi kiasi cha kiganja, uache.

Sauti yako nayo ishuke. Embe lipe *pu* ya kusikika, bila kumshtua. Bati liwe laini. Chura awe mnong'ono. Kwenye "Akangoja. Akangoja." tua kweli, hesabu kimya moja mpaka tatu kila mara. Hapo ndipo msimulizi mgeni anapokimbia, anaona ukimya ni pengo, kumbe ndani yake mtoto anasikiliza chumba chake mwenyewe. Ukifika kwenye *-me-*, pumua pamoja naye. Pumzi yake ikiwa fupi usilazimishe, vuta yako iwe ndefu kidogo tu kuliko yake, kisha ndefu tena.

Utajuaje kwamba inafanya kazi? Mwanzoni ataitikia *fyuuuuu* kwa nguvu. Kwenye chura itakuwa imelegea. Kwenye mistari ya mwisho huenda asiitike kabisa, gumba likabaki ndani ya ngumi, kisha ngumi yenyewe ikafunguka. Ngumi ikifunguka, usimalizie kwa sauti. Nyamaza. Kaa kama dakika mbili ndipo utoke, kwa maana ukinyanyuka mara moja godoro linamwamsha.

Ikienda kombo

Akiuliza maswali katikati, jibu kwa neno moja la hadithi na uendelee. "Kobe anakula nini?" "Mchicha." Basi. Maswali marefu mwambie mtayazungumza asubuhi, na asubuhi kweli yazungumze, asije akaona umemdanganya.

Akicheka kila kwenye *fyuuuuu*, umeanza mapema mno, hana usingizi. Mrudishe kwenye mchezo mwingine, anza tena baada ya nusu saa. Akikaa kitako na kuuliza kuhusu sauti usiyoitia kwenye hadithi, hapo amekupa kazi nzuri. Binti yangu aliuliza, "Na mbwa?" Kesho yake mchana tukaenda kumwona mbwa wa jirani, na usiku nikamtoa chura nikamweka mbwa: "Ni mimi, mbwa. Nalinda mlango. Wewe lala." Nilibadilisha sauti moja tu, mengine yote nikayaacha neno kwa neno.

Maana watoto wa umri huu wanataka hadithi ile ile. Wewe utachoka usiku wa nne, yeye hatachoka wiki ya tatu. Ukikosea neno atakusahihisha, na kusahihisha huko ni dalili kwamba ameishika, anajua kinachokuja, na anayejua kinachokuja hana cha kuogopa. Kwa hiyo iandike kwenye karatasi, uibandike jikoni, ili baba, bibi au dada wa kazi akisimulia aseme maneno yale yale. Zungumza nao pia juu ya vitisho. Mtu mmoja nyumbani akisema "lala, zimwi linakuja", atabomoa kwa dakika moja ulichokijenga kwa wiki mbili. Kwetu ilitokea, na nililazimika kuomba kwa upole, maana aliyesema alikuwa mkubwa wangu na yeye alilazwa hivyo hivyo utotoni.

Mchana, kama kuna nafasi, mpeleke akaone kobe wa kweli. Walio Unguja wanao kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, wenye asili ya Shelisheli, na walio Mombasa watawapata Bamburi. Mwache amguse gamba taratibu, umwambie kwamba kobe anasikia akiguswa, maana gamba lina uhai. Mkishatoka mnawe mikono kwa sabuni, kobe hubeba vijidudu vinavyoharisha watoto. Akimsikia kobe akitoa ile *fyuuuuu* kwa masikio yake, hadithi itakuwa na nguvu maradufu usiku huo.

Hadithi hii inafaa hofu ya kawaida, ile inayokuja umri wa miaka mitatu, minne, mitano na kupungua yenyewe. Kama hofu imeanza ghafla baada ya jambo fulani, msiba, ugomvi nyumbani, kulazwa hospitali, au mtoto akaanza kumkwepa mtu fulani, kobe hatoshi. Muulize mchana, mkiwa mnafanya kazi ndogo pamoja, kumenya njegere au kupanga nguo, si usiku. Na kama anaamka akipiga mayowe karibu kila usiku kwa wiki kadhaa, au mchana pia hataki kuingia chumba chake, mwone daktari wa watoto.

Kwetu ilichukua kama wiki tatu. Usiku mmoja umeme ulikatika tukiwa mezani, sahani za wali mbele yetu. Nilinyoosha mkono kutafuta kiberiti, nikangoja kilio. Nikasikia upande wa pili wa meza, taratibu, *fyuuuuu*. Halafu, "Mama, nani hapo?"

"Ni mimi, mwanangu. Natafuta kiberiti."

"Haya," akasema, akaendelea kula.